Nukta Tatu Nilizoziacha Ndani ya Mpira

Watu wenye jedwali siwapendi. Nasema mapema ili mtu asije akasoma mpaka katikati akaniona nina roho mbaya. Ninayo. Mtu anachukua maneno ambayo wenzake wameyasema maelfu ya miaka, anayapanga kwenye vijumba vya karatasi, anaibandika ukutani juu ya kompyuta yake, halafu mwenye lugha akija, anamsahihisha. Wa namna hiyo nimefanya naye kazi miaka minane, chumba kimoja, birika moja la chai, na sikumsikia hata siku moja akisema hajui.

Mimi nimesoma darasa la nne. Kabla ya hapo chuoni, kule kwetu Mombasa, nilifika juzuu ya tatu nikatoroka kwa sababu ya fimbo. Lakini yule mwalimu, Mungu amrehemu na mkono wake, alitutia jambo moja kichwani ambalo halikutoka: nukta. Be nukta moja chini, te mbili juu, the tatu juu. Kibakuli cha herufi ni kile kile. Ukiiba nukta umebadilisha neno, na ukibadilisha neno umekula fimbo. Nilidhani elimu ile imekufa ndani yangu. Nimeosha sahani hapa Toronto, nimesimama miaka sita kwenye kiwanda cha biskuti kule Rexdale, zamu ya usiku, mpaka harufu ya vanila ikanifanya nichukie watoto wa watu wanaokula biskuti, na hakuna aliyeniuliza nukta.

Kisha goti likagoma kusimama, na jirani yangu wa Parkdale, mama mmoja wa Bukavu anayejua kazi zote zilizo wazi mjini kuliko ofisi za serikali, akanielekeza Downsview kwenye karakana ya mawe ya makaburi. Kazi ya kukaa, akasema. Kweli ni ya kukaa.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo habari hii haina miguu. Jiwe la granaiti linakuja limeng'arishwa kama kioo. Juu yake tunabandika karatasi nzito ya mpira. Mashine inakuwa imeshaukata ule mpira kwa kisu chembamba, kila herufi na umbo lake, lakini vipande bado vimo mahali pake. Hapo ndipo ninapoingia mimi na sindano yangu: nang'oa vile vipande, kimoja kimoja, nabakisha matundu yenye sura ya herufi. Baadaye jiwe linaingizwa kwenye chumba cha chuma, linapigwa mchanga kwa upepo mkali. Palipo na mpira mchanga unaruka. Palipong'olewa mchanga unakula jiwe. Basi. Nilichong'oa kinachongwa, nisichong'oa hakichongwi. Na granaiti haina kifutio. Nukta iliyosahaulika unaweza kuiongeza kesho, lakini nukta iliyozidi itakaa hapo mpaka kiama.

Tunachonga mawe ya kila dini. Mengi ni ya Wayahudi, kwa sababu wanakaa karibu, njia nzima ya Bathurst. Nilikuwa nang'oa herufi zao miaka na miaka bila kujua hata moja, kama mtu anayepalilia shamba la jirani. Mawe yao kwa kawaida hayawekwi nukta. Herufi tupu, na anayejua anajua.

Tajiri wetu ni Mtaliano, anajua mawe na mpira wa miguu, mengine hayamhusu. Maandishi ya Kiebrania aliyakabidhi kwa huyo mtaalamu wangu wa jedwali. Mtaalamu si Myahudi, wala sikatai mtu kujifunza cha watu. Alisoma darasa la jioni, wiki kadhaa, akapewa cheti, akakitia kwenye fremu. Cheti changu cha darasa la nne kiliungua na nyumba ya shangazi, na ninashukuru, la sivyo pengine ningekitia kwenye fremu na mimi nikawa mpumbavu wa aina yake.

Siku aliyokuja mzee yule wa Yemeni ilikuwa siku ya theluji inayoyeyuka, sakafu yote maji meusi. Myahudi wa Yemeni, mfupi, macho yake yameingia ukungu mpaka alikuwa akitafuta kiti kwa mkono. Mke wake alikuwa amefariki, na kwao jiwe hufunuliwa karibu na kutimia mwaka: linafunikwa kitambaa, jamaa wanakusanyika, kitambaa kinatolewa. Tarehe ilikuwa imeshapangwa. Alileta karatasi ameiandika mwenyewe kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto, na nukta zote ameziweka, za chini na za ndani. Akamwambia mtaalamu kwamba anataka nukta, kwa sababu vitukuu wake wa hapa wanasoma kwa kutambaa, bila nukta hawawezi. Na chini yake anataka maneno yale yale kwa herufi za Kiingereza, kwa wale wasioweza hata kutambaa. Akasema: uyaandike kama ninavyoyatamka. Akayatamka.

Mtaalamu alikuwa na kitu sikioni kinachomwimbia. Akatikisa kichwa, akachukua karatasi.

Tajiri alikuwa kwenye simu, kwa hiyo mzee aliletwa kwenye meza yangu asubiri, nikampa chai. Aliposikia natoka pwani ya Afrika aliniuliza kama tunasema salamu alekum, nikamjibu vizuri, basi tukawa ndugu. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, katikati tukatia Kiarabu cha msikitini kwangu na cha sokoni kwake. Akaniuliza nafanya nini, nikamwonyesha mpira na sindano. Akaniuliza: unajua unachong'oa? Nikasema sijui. Hakunicheka. Alinishika kidole changu cha shahada akakisukuma juu ya meza kwenye maji ya chai yaliyomwagika, akanichorea herufi sita.

Ni sita tu, akasema, zenye sauti mbili. Ukiweka nukta tumboni mwa herufi, inayoitwa dageshi, herufi ni ngumu. Ukiiondoa, inalegea. Ngumu ni b, ikilegea ni v. K, ikilegea ni kh. P, ikilegea ni f. T, ikilegea ni th. D, ikilegea ni dh. Na ile ya tatu katika alfabeti yao, wenzake wengi huisema g, wao wa Yemeni wakiiona na nukta husema j kama Waarabu, na ikilegea ni gh.

Nikamwambia, mzee mwenzangu, hizo zote tunazo. Thamani, dhahabu, ghali, subalkheri, fimbo. Nikamtamkia moja moja. Akafumba yale macho yake mabovu akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya kwao. Akasema hapa mjini, kwenye sinagogi la jirani yake, hakuna anayezisema zote. Wengi siku hizi wanalegeza tatu tu, b, k na p, na t wanaiacha t hivyo hivyo, iwe na nukta isiwe. Waliotoka Ulaya ya zamani, t ikilegea wanaisema s.

Hapo nilicheka mpaka nikajimwagia chai. Kwa sababu yule mama wa Bukavu, jirani yangu, kila Jumapili ananiambia Neno la Mungu lina samani kubwa. Samani. Nikamuuliza siku moja, mama, ni meza au ni kabati? Akakasirika wiki mbili. Wabara hawa wameiua th na dh na gh, wanavaa zahabu na kununua vitu gali, halafu wanasema Kiswahili chetu sisi wa pwani kina mikogo. Na wanangu mwenyewe ni wabaya kuliko hao: wana th nzuri kabisa, ya Kiingereza, lakini hawana neno la Kiswahili la kuitilia. Ukiwasemesha wanakuelewa, wanakujibu kizungu, wanarudi kwenye simu. Sijui nani kati yao mwenye kosa zaidi.

Nimepotea. Nilikuwa na mzee.

Nikamuuliza inajulikana vipi wapi panapolegea, maana nukta haiwekwi kwa mapenzi. Akanionyesha kwa mdomo. Herufi ikianza neno ni ngumu. Ikija baada ya mdomo uliofungwa ni ngumu. Ikija baada ya mdomo ulio wazi, yaani baada ya irabu, inalegea. Mfalme, akasema, wenzake hapa huita melekh. Kabla ya ile k kuna irabu, basi imelegea, kh. Lakini malkia kabla ya k kuna l iliyofunga, basi ni k na nukta yake: malka. Nikamwambia sisi pia ni malkia, kwa k. Akasema bila shaka, yule wa Sheba alikuwa wetu, mtakuwa mmemsikia kwetu. Akaongeza kwamba hata Sheba dunia nzima inaikosea, kwa sababu kile kibakuli hakina nukta na ni v. Mzee alikuwa na dharau zake, na ndiyo sababu tulielewana.

Maneno aliyotaka juu ya jiwe yalikuwa jina la mke wake, kisha binti wa, kisha jina la baba yake, na mstari wa chini: Malkia wa Nyumba. Majina sitayataja, ya marehemu, na kwa bahati hayakuwa na hata herufi moja katika zile sita, Mungu alituhurumia. Binti wa, kwake ni bath. B mwanzo, ngumu. Mwisho imekuja baada ya irabu, imelegea, th. Malkia wa nyumba ni malkath habbayith. Akanisimamisha kwenye ile b mbili. Nyumba peke yake, akasema, ni bayith. Ukitia neno la "katika" mbele yake inalegea, bevayith. Lakini ukisema ile nyumba, b haikubali kulegea, inarudiwa, kwa sababu nukta ile ile ina kazi ya pili. Nikamwambia hiyo ni shada ya chuoni. Akaniuliza shada ni nini. Nikagonga meza mara mbili, hab-bay. Akasema ndiyo, ndiyo, na akanishika mkono akaniambia jambo ambalo ndilo lililonitesa wiki ile yote. Aliniambia kwamba mke wake alikuwa amezaliwa kwenye kijiji ambacho hakuna tena Myahudi hata mmoja, na sauti ile walikuwa wanaisema wawili tu katika nyumba yao ya Bathurst. Sasa yuko peke yake. Mtoto akisimama pale kaburini akasoma kizungu, basi angalau asome alivyokuwa akiitwa. "Asimwite kama watu wa televisheni," akasema. "Hakuwahi kuitwa hivyo hata siku moja."

Akaenda zake, anapapasa mlango.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, nikaletewa karatasi ya kazi, ile inayoonyesha jiwe litakavyokuwa. Imeshapigwa muhuri kwamba mteja amekubali. Kiebrania hakina nukta hata moja. Chini, kwa kizungu: jina, bat, jina, na mstari wa mwisho Malchat Habayit.

Niliisoma mara tatu kwa kidole. Nikaelewa kilichotokea kama vile nilikuwepo. Mtaalamu alitupa nukta zote kwa sababu mawe yetu hayawekwi nukta. Kisha akageuka kuandika kizungu, akakodolea macho kile kibakuli chake kilichovuliwa nukta, akakumbuka melekh kwenye darasa lake la jioni, akasema kama mfalme ni kh basi malkia pia. Na kh wenyewe hawaiandiki kh, wanaiandika ch, halafu wanashangaa watu wakiisoma ch ya chai. Nukta anaitupa mwenyewe, kisha anabahatisha ilikuwa wapi. Ni kama mtu aliyejizimia taa akaanza kulaumu ngazi.

Nikamwendea. Nilikwenda kwa adabu, ndiyo kosa langu. Nikamwonyesha karatasi ya mzee iliyokuwa bado kwenye faili, nukta ndani ya k inaonekana kutoka barabarani. Akaitazama. Akasema aah, hiyo nimeiona, nilidhani ni wino uliodondoka. Na hizi nyingine? Nazo wino? Mzee alidondosha wino mahali pake kila mara kama mshona shanga?

Akanigeukia na kiti chake kinachozunguka. Akaniuliza nimejifunza wapi Kiebrania. Nikasema kwenye chai. Akacheka, akanyoosha kidole ukutani kwenye jedwali. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyekuja kufagia, kwamba herufi zenye sauti mbili ni tatu tu, b, k, p. Hizo sita ni habari za vitabu vya sarufi, zimekufa. T ni t. K nitairekebisha, akasema, hilo nakubali, lakini th hapana.

"Na bath," akasema, "unajua bath ni nini kwa Kiingereza? Bafu. Unataka tuandike kwenye jiwe la mama wa watu kwamba alikuwa bafu la baba yake?"

Wale wa chumba cha mchanga wakacheka. Nami nilicheka kidogo, nikiri, kwa sababu kilikuwa kichekesho. Ndivyo wanavyokupata. Unacheka, na ukishacheka umekubali.

Nikaenda kwa tajiri. Tajiri akasema mteja ameidhinisha. Nani? Mjukuu wa kike, kwa barua pepe, alibonyeza ndiyo. Babu haoni, kwa hiyo mjukuu ndiye mwenye barua pepe. Akasema mteja mwenyewe akipiga simu, anabadilisha. Asipopiga, jiwe linapigwa mchanga Ijumaa asubuhi, Jumapili linafunuliwa. Kwa Mtaliano yule hilo ni jibu la haki, na simchukii. Hakujifanya anajua.

Namba ya simu iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya mjukuu, na mjukuu hakupokea. Anwani ya mzee ilikuwepo. Jumatano nikitoka kazini, karatasi zote mbili mfukoni, badala ya kurudi Parkdale nikapanda basi la kushuka Bathurst, goti linanitukana kila kituo. Mlangoni aliuliza nani, nikasema ndugu yako wa chai. Akafungua.

Nyumba ilikuwa safi ya mtu asiyeona, kila kitu mahali pake kabisa. Nikamwambia nimekuja kukusomea jiwe lako. Nikamsomea lilivyoandikwa. Bat. Malchat, nikamsomea kwa kh, nikamweleza kwamba wengine wataisoma kwa ch ya chai. Habayit, b moja, t.

Nilidhani atanifukuza mimi, maana mwenye habari mbaya ndiye anayekuwa karibu. Kisha akasema, "Sasa nisomee nililoandika mimi."

Nikamsomea kutoka kwenye karatasi yake, mimi mtoro wa chuo wa Mombasa, herufi ambazo nimezijua wiki mbili: bath. Malkath. Hab-bayith. Niliigonga ile shada kwenye mkono wa kiti. Ulimi wangu haukuwa na taabu yoyote, wala sijisifu, ni ulimi wa kila mtu aliyenyonya kwetu.

Akasema, "Tena."

Nikamsomea tena. Akainuka, akapapasa simu ya ukutani, akapiga karakana. Tajiri alikuwa bado yupo. Nilisikia mzee akitaja herufi za kizungu moja moja, t, h, t, h, na b mara mbili, na kwamba nukta zinarudi. Hakupandisha sauti. Mjukuu alipigiwa pia, na yeye alipandishiwa kidogo, kwa Kiebrania, sikuelewa ila neno bath lilirudi mara nyingi. Baadaye alinipigia mwenyewe kuniomba radhi, msichana mwenye adabu, akasema alidhani ni kubonyeza tu. Kila mtu siku hizi anadhani ni kubonyeza tu.

Alhamisi mtaalamu hakunisalimu. Nilimsikia akipiga vibonye kama anayeua mende. Aliniambia neno moja tu alipopita na kikombe chake, kwamba mzee anataka nukta, basi atapewa nukta. Saa tisa akabonyeza mashine ikate mpira, akavaa koti, akaenda zake.

Nikabandika mpira kwenye jiwe, nikakaa na sindano. Kizungu kilikuwa sawa, herufi kwa herufi, amekiandika kwa hasira lakini amekiandika. Nikapanda kwenye Kiebrania. Nukta za chini zipo. Nukta ya b kwenye bath, ipo, ni haki yake, imeanza neno. Nukta ya k, ipo, Mungu akubariki. Nukta ya b kwenye habbayith, ipo, ndiyo shada yangu. Halafu nikafika kwenye t.

Alikuwa amezitia nukta t zote tatu. Ya bath, ya malkath, ya habbayith. Alichukua zile herufi sita alizoambiwa ni sita, akazijaza kila moja nukta tumboni, asije mtu akalalamika tena. Juu kwa Kiebrania jiwe lingesema t, chini kwa kizungu lingesema th, na mtoto anayesoma kwa kutambaa angesoma t na kudhani babu yake alikosea kizungu. Ningeng'oa vile vipande vitatu, kila kimoja si zaidi ya punje ya ulezi, na mchanga ungevila Ijumaa saa mbili, na hakuna mtu duniani angeweza kuvirudisha.

Nilifikiri kumpigia simu. Sikumpigia. Mtu akikujibu kwa jedwali mara moja, mara ya pili ni kujitafutia. Tajiri alikuwa ameshaondoka. Na ukweli ni kwamba sikuhitaji ruhusa ya mtu. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kung'oa kilichokatwa, na nilikuwa nimelipwa kwa kutoacha kitu ndani. Safari hii nilipitisha sindano juu ya zile tatu nikaziacha zilivyo, nikazibonyeza kwa kidole gumba kila moja mpaka nikawa na hakika zimeshika, zisije zikaruka kwa upepo. Kisha nikang'oa vilivyobaki. Nilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Mkono ulikuwa unataka kuzing'oa. Miaka minane ya mazoea, mkono unakuwa kama punda anayejua njia ya nyumbani, hata ukimvuta.

Ijumaa mchanga ulipigwa. Tukauosha mpira, tukauchuna wote, nikainama na taa. T tatu, tumbo wazi. Mtaalamu akapita, akatazama, akasema safi, nukta zote zipo. Amefumbwa vipi macho mtu aliyezitia mwenyewe asione kwamba hazipo? Nilimtazama na ile dharau ambayo mtu mzima anaiweka kwa siku maalumu, na nikanywa chai yangu.

Jumapili nilikwenda, mzee alinialika. Nilisimama nyuma, sijui mila zao, nimevaa kofia tu kwa sababu kofia ninayo. Kitambaa kikatolewa. Mzee akaletwa mbele na mjukuu, na alifanya nililojua atafanya: hakuomba kusomewa. Alitoa glavu akaweka vidole kwenye jiwe, baridi ile, akaanza kutoka upande wa kulia kwenda kushoto. Nilimwona akisimama ndani ya b, kidole kimeingia kwenye kishimo. Akaendelea. Akafika kwenye t ya kwanza, akazungusha kidole ndani ya tumbo lake, pole pole, kila upande, anatafuta. Hakukuta kitu ila jiwe laini.

Akanyoosha kichwa, akauliza kwa Kiingereza chetu kibovu, "Ndugu wa chai yuko hapa?"

Nikasema nipo.

"Hapa hamna kitu."

"Hamna," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na ile ya pili na ile ya tatu. Kisha mtoto mmoja, wa kike, miaka sita au saba, akasogezwa asome mstari wa kizungu. Akakwama kwenye b mbili, akasema malkath haba, akarudi, akasema habbayith. Kwa th safi kabisa, ya Kiingereza cha shuleni, ulimi umetoka kati ya meno. Haikuwa ya Yemeni. Ilikuwa ya Toronto. Lakini ilikuwa th, na mzee akamwambia kitu kwa lugha yao, na mtoto akasema tena.

Mtaalamu bado yupo. Jedwali lake sasa lina mstari wa nne, t na th, ameuongeza kwa kalamu nyekundu na anawaeleza wateja kwamba ni jambo adimu aliloligundua katika utafiti. Mwezi uliopita walikuja watu wa asili ya Poland na karatasi yao iliyoandikwa bas, safi kabisa, kama walivyosema babu zao. Akawarudishia bath. Nimewaona wakisimama kwenye kaunta wanaitazama karatasi, mama na mwanawe, wanatazamana. Mwana akauliza bafu linahusu nini. Nikaweka sindano chini, nikaenda kuwachukulia birika.